Mama kaambiwa picha za marehemu baba zitafutwa leo asipolipa, na ameshaandika nenosiri lake

Binti_wa_Pangani:
Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Naomba msaada wa haraka.

Mama yangu yuko Pangani, mimi nipo Morogoro kikazi. Kwa siku tatu mfululizo amekuwa akipokea barua pepe kwenye simu yake zinazosema hifadhi yake ya picha imejaa na malipo yameshindikana. Ya leo mchana ilikuwa ya kutisha kuliko zote: picha na video zote zitafutwa leo hii. Jina la mtumaji limeandikwa Cloud Storage, na juu kuna alama ya wingu la bluu.

Mama akabonyeza. Ukafunguka ukurasa wenye mstari unaokimbia kama unakagua simu, kisha ukaandika kwamba picha zimejaa, ila kuna punguzo kwa wateja wa siku nyingi: dola 1.99 tu. Akaambiwa aingie kwanza, akaandika anwani yake ya Gmail na nenosiri. Ulipokuja ukurasa wa kadi ya benki ndipo akanipigia, maana yeye hana kadi, akitaka nimlipie kwa ya kwangu.

Baba alifariki 2019. Picha zake karibu zote zimo humo, na mama analia kweli kweli. Hiyo ni kama shilingi elfu tano, nilitaka nilipe tu yaishe. Nilipe?

Mzee_Chumbageni:
Pole binti. Usilipe, hao ni wezi. Simu ikijaa dawa yake ni memori kadi. Mnunulie ya GB 64, hamishia picha zote huko, na simu itakuwa nyepesi.

Binti_wa_Pangani:
Asante baba. Lakini simu yake haijajaa. Wanachosema kimejaa ni ile hifadhi ya mtandaoni, picha zinakopanda zenyewe.

Kibanda_cha_Simu:
Dada, usilipe. Lakini hiyo elfu tano iweke pembeni kwanza, shida kubwa ni nenosiri. Tangu mchana kuna mtu ana ufunguo wa barua za mama na picha zenyewe. Mimi natengeneza simu Kariakoo, kesi hii inaletwa mezani kwangu mara kwa mara.

Mpigie mama sasa hivi, mwelekeze kwenye simu yake mwenyewe. Usijaribu kuingia kwenye akaunti yake ukiwa Morogoro kwa simu yako, kwa sababu Google ikiona simu ngeni kutoka mji mwingine inaweza kuzuia, mkachelewa. Simu yake inajulikana.

Kwanza afungue Gmail, abonyeze ile duara yenye picha au herufi yake juu kulia. Hapo hapo ataona ametumia kiasi gani kati ya GB 15 anazopewa bure. Hizo GB 15 ni za barua, Drive na picha kwa pamoja. Muulize inasomeka ngapi, halafu uandike hapa.

Akishaona, abonyeze Manage your Google Account, aende Security, abadilishe nenosiri. Liwe jipya kabisa, asiongeze tu tarakimu mwishoni mwa lile la zamani. Kisha hapo hapo Security ashuke mpaka Your devices, asome moja moja. Chochote asichokitambua akitoe.

Mwl_Jabiri:
Ngojeni kidogo, tusimtie mama hofu bure. Dada, bonyeza kile kitufe cha kwenye barua ukishikilie bila kuachia, utaona anwani kinakoelekea. Kama anwani ina neno google, basi barua ni ya kweli na akaunti imejaa kweli.

Binti_wa_Pangani:
Mwalimu, mama alinitumia ile barua. Nimeshikilia kitufe kama ulivyosema, inaanza na storage.googleapis.com. Kwa hiyo ni ya kweli?

Kibanda_cha_Simu:
Hapana! Msifungue. Mwalimu yuko sahihi kwenye kushikilia kitufe, hilo kila mtu alijue. Lakini storage.googleapis.com ni kama maghala ya kupangisha. Ghala ni la Google, ila mpangaji anaweza kuwa mtu yeyote. Tapeli anaweka humo ukurasa mdogo ambao kazi yake ni kukurusha kwenye tovuti yake nyingine. Anachagua hapo kwa sababu anajua vichujio vya barua na watu kama Mwalimu wakiona google wanalegea.

Na ule mstari unaokimbia ni mchoro tu. Ukurasa wa mtandaoni hauwezi kuchungulia hifadhi yako ya picha. Ningeufungua mimi ningeambiwa nimejaa, na wewe ungeambiwa hivyo hivyo.

Kuna kipimo kingine ambacho nakiamini zaidi. Gmail ikijaa kweli, unaweza kushindwa hata kupokea barua mpya. Mama amepokea barua siku tatu mfululizo bila tatizo.

Mwl_Jabiri:
Nimeelewa, hilo la maghala sikulijua. Samahani dada.

Mpemba_Muscat:
Mimi nipo Oman na yalinikuta mwaka jana, ila mimi kadi niliiandika. Siku ile ilikatwa kidogo sana, baisa 750, nikaona sawa. Baada ya wiki mbili ikakatwa rial 15 kwa jina la duka nisilolijua. Kumbe ule ukurasa ulikuwa na maandishi madogo chini kwamba nakubali kukatwa kila mwezi. Benki walinifungia kadi na kunipa nyingine yenye namba mpya. Ile pesa ya kwanza sikurudishiwa. Dada, una hakika mama hakuandika namba za kadi ya mtu mwingine?

Binti_wa_Pangani:
Ana hakika, kadi hakuandika. Pole sana kaka.

Nimekaa na mama kwenye simu karibu saa nzima, mtoto wa jirani akimsaidia kusoma. Matokeo ni haya. Ametumia asilimia 75 ya GB 15. Hajajaa! Nenosiri amebadilisha. Kwenye Your devices kulikuwa na simu yake, na kompyuta ya Windows iliyoingia leo saa tisa alasiri. Mama hajawahi kumiliki kompyuta. Tumeitoa.

Mikono inanitetemeka mpaka sasa. Tumemaliza?

Dogo_wa_Ubungo:
Mmemaliza sista. Nenosiri likibadilishwa jamaa anatupwa nje kila mahali. Peleka ile barua 15040 washughulikiwe.

Kibanda_cha_Simu:
Bado, dogo. Nenosiri jipya linawatoa wengi ila si lazima wote, ndiyo maana nilitaka ile orodha isomwe kwa macho. Na 15040 ni ya kupeleka ujumbe mfupi wa matapeli na namba zao za simu. Barua pepe iripotiwe ndani ya Gmail kwenyewe: vile vidoti vitatu, kisha Report phishing, ambayo kwa kawaida unaipata ukitumia kompyuta.

Kilichobaki ni kuangalia kama aliacha mlango wazi. Mtu akikaa ndani ya akaunti hata dakika kumi anaweza kuweka namba yake ya simu au barua yake kama ya kurejeshea akaunti, halafu baada ya mwezi anarudi kwa kubonyeza "nimesahau nenosiri". Anaweza pia kuamuru barua zako zipelekwe kwake kimya kimya. Hayo hayafutiki kwa kubadilisha nenosiri.

Namba ya kurejeshea ipo kwenye Security. Ya barua inahitaji kompyuta, au kivinjari kilichowekwa mtindo wa kompyuta: fungua mail.google.com, kisha mipangilio, usome Forwarding and POP/IMAP na Filters and Blocked Addresses. Mama kama hajawahi kuweka kichujio, orodha lazima iwe tupu.

Binti_wa_Pangani:
Namba ya kurejeshea ni ya kwangu, haijaguswa. Mtoto wa jirani amefungua kwa kompyuta ya kaka yake. Forwarding hakuna kitu. Kwenye Filters kuna kimoja: barua zozote zinazotoka Google zifutwe.

Kibanda_cha_Simu:
Hicho ndicho alichokuja kukifanya. Google hutuma onyo kwamba kompyuta mpya imeingia, yeye akawahi kuyatupa ili mama asiyaone. Kifuteni, kisha fungueni Trash ya barua, msome alichokificha. Mkitoka hapo washeni 2-Step Verification. Na yule kijana atoke kwenye akaunti ya mama kwenye kompyuta ya kaka yake.

Mama_Zuhura:
Naingilia jamani. Mimi nimeangalia ya kwangu hivi sasa, inasema GB 14.8 kati ya 15. Hii ni ya kweli au nami nimeingiliwa?

Kibanda_cha_Simu:
Hiyo ni ya kweli mama, kwa sababu umeiona mwenyewe ndani ya akaunti, hukuisoma kwenye barua ya mtu. Tangu Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa kwenye zile GB 15, na siku hizi kwenye Android hata nakala ya WhatsApp inahesabiwa. Anza na video za WhatsApp, ndizo zinazokula. Ukijaa, picha mpya hazitapanda, ila za zamani zinabaki. Kanuni ya Google ni kwamba wanaweza kufuta ukikaa juu ya kiwango miaka miwili, na wanatoa taarifa miezi mitatu kabla. Barua inayosema "leo" haitoki kwao.

Ukitaka kununua nafasi, ingia one.google.com kwa kuandika mwenyewe.

Mzee_Chumbageni:
Binti, swali langu moja. Huyo mtu alikaa ndani tangu saa tisa. Picha za marehemu amezichukua?

Binti_wa_Pangani:
Baba, hilo ndilo linalomkosesha mama usingizi. Kwenye Trash ya barua tumekuta moja tu, ya onyo la kompyuta mpya. Picha zenyewe zipo, mama amezipitia mpaka za harusi ya dada.

Kibanda_cha_Simu:
Angalieni takeout.google.com. Kama aliomba nakala ya picha zote kwa pamoja, ombi litaonekana pale. Kama alifungua picha moja moja akazipakua, hapo hakuna alama ya kukuonyesha, siwezi kukudanganya.

Angalieni pia kapu la taka la Google Photos. Picha iliyopandishwa mtandaoni ikifutwa hukaa humo siku 60, inarudishika.

Mpemba_Muscat:
Wengi wa hawa wanataka kadi na barua, picha za familia haziwaletei pesa. Mimi naona hakuzigusa.

Kibanda_cha_Simu:
Inawezekana. Ila kama kuna picha ya kitambulisho au ya kadi ya bima humo, mimi ningehesabu kwamba imeonekana.

Binti_wa_Pangani:
Kwenye Takeout hakuna ombi lolote, kapu la picha ni tupu. Kitambulisho chake cha taifa kipo, alikipiga picha wakati wa kusajili laini. Nimemwambia mtu yeyote akimpigia akimtajia namba ya kile kitambulisho, akate simu anipigie mimi.

Jumamosi napanda basi la Tanga. Nimenunua fleshi mbili za GB 32, nitazishusha picha zote, moja ibaki kabatini kwa mama na nyingine nije nayo.

Mzee_Chumbageni:
Na zile nzuri za baba zisafishe kwenye karatasi. Pale mjini Tanga studio zipo.