Naomba ushauri: muhtasari wa CV kwa Kiingereza na Kiswahili

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtunza stoo, uzoefu miaka 6, naomba kazi nje. Mwajiri anataka muhtasari wa kitaaluma kwa lugha zote mbili, maana wateja wake wengi ni Waswahili.

Cha Kiingereza nimekimaliza: sentensi 3, hakuna neno la “mimi”, kila sentensi inaanza moja kwa moja na kitenzi. Shida ni Kiswahili. Nilipotafsiri neno kwa neno nikapata hiki kituko: “Mtaalamu anayeendeshwa na matokeo mwenye rekodi iliyothibitishwa.” Nani anaongea hivyo jamani?

Nikakifuta, nikaandika: “Nimetunza stoo kwa miaka 6. Nilipopanga upya rafu na kuweka namba kila bidhaa, kazi ya kuhesabu mali ikashuka kutoka siku 3 hadi 1.” Kinasomeka, ila “ni-” haikwepeki, na naogopa kitaonekana cha kienyeji kando ya kile cha Kiingereza.

Waliowahi kuajiri, nibaki na “nilipanga”, au niandike “amepanga” kama naelezwa na mtu mwingine? Na cheo nikiite “mtunza stoo” au “mtunza ghala”?