Mfalme John (1216): kuhara damu, mapichi au sumu ya mtawa? Naomba ushauri nimwandikeje

Darubini77: Wakuu, habari za leo. Naandaa makala kuhusu kifo cha Mfalme John wa Uingereza, aliyefariki katika ngome ya Newark usiku wa kuamkia tarehe 19 Oktoba 1216. Nina maelezo matatu yasiyopatana. Ralph wa Coggeshall, mtawa aliyeandika historia ya enzi hizo, anasema mfalme alikula kupita kiasi mjini Lynn, akaanza kuhara damu. Roger wa Wendover, mtawa mwingine mwandishi wa historia, anasema alipata homa kwa huzuni ya kupoteza mizigo yake kwenye maji ya ghuba ya Wash, na pale abasia ya Swineshead akajimaliza kwa mapichi na mvinyo mpya wa tufaha. Maelezo ya tatu ni kwamba mtawa wa Swineshead alimwekea sumu ya chura. Juu ya hayo kuna daktari mtandaoni anayesema "ni wazi ilikuwa taifodi". Nichague lipi?

Mzee wa Nyaraka: Mleta mada, usichague kwanza. Anza na kitu ambacho hakikuandikwa na mtawa yeyote, yaani barua za mfalme mwenyewe. Makarani wake waliandika mahali na tarehe kwenye kila barua, kwa hiyo safari yake tunaifuata karibu siku kwa siku. Alikuwa Lynn kuanzia tarehe 9, Swineshead tarehe 12, Sleaford tarehe 14 na 15, Newark tarehe 16. Chora mstari huo kwenye karatasi, kisha weka kila masimulizi juu yake.

Utaona kwamba wote wawili, Coggeshall na Wendover, wanaweza kuingia kwenye mstari. Hawagombani sana juu ya njia aliyopita. Wanagombana juu ya mahali ugonjwa ulipoanzia na kilichouleta. Sehemu hiyo ya pili ndiyo dhaifu zaidi, maana hakuna kati yao aliyekuwa kando ya kitanda.

Simba wa Pwani: Kanuni ni rahisi tu, chukua aliyeandika mapema. Coggeshall aliandika mambo yakiwa bado mabichi. Wendover aliandika miaka mingi baadaye. Mchezo umeisha.

Mzee wa Nyaraka: Nusu ya hilo ni kweli, mkuu. Coggeshall yuko karibu kwa wakati, lakini yuko Essex, mbali na Newark. Tena ni abati wa Wasisteria, shirika ambalo John aligombana nalo kuhusu kodi tangu mwanzo wa utawala wake. Mtu wa aina hiyo akisema mfalme aliponzwa na ulafi, lazima uulize kama anataja ugonjwa au anataja dhambi.

Wendover naye amechelewa, ila alipata kuwa mkuu wa nyumba ndogo ya watawa ya Belvoir, na Belvoir ni jirani na abasia ya Croxton. Abati wa Croxton ndiye aliyekuwa na mfalme mwishoni, na ndiye aliyeutoa matumbo mwili kabla haujapelekwa Worcester kuzikwa. Kwa hiyo Wendover huenda alisikia ya Newark kutoka kwa majirani. Hilo halithibitishi mapichi, lakini linakuzuia kumtupa kapuni kwa sababu ya tarehe peke yake.

Pima pia anavyoeleza ule mkasa wa Wash. Coggeshall anataja hasara ya baadhi ya farasi wa mizigo na vyombo vya kanisa la mfalme. Kwa Wendover kila kitu kimemezwa, hazina yote, watu na magari. Mtu anayehitaji huzuni imuue mfalme anahitaji hasara kubwa, ndiyo maana nashuku ameikuza.

Bi Tausi: Nyongeza kuhusu chakula. Babu wa baba yake John, Henry I, alikufa mwaka 1135, na Henry wa Huntingdon akaandika kwamba alikula samaki aina ya lamprei aliokatazwa na tabibu. Ni umbo lilelile: mfalme hawezi kujizuia, tumbo linamhukumu. Halafu utabibu wa zama zile uliona matunda mabichi ni ubaridi na umajimaji unaoharibu tumbo, na huzuni iliaminika kuleta homa. Kwa Wendover, mapichi yalikuwa maelezo ya kitabibu kabisa. Usiyasome kana kwamba yeye anasema tunda lilikuwa na vijidudu.

Mwana wa Ozi: Hata kwetu yapo. Fumo Liyongo alichomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba. Kwa hiyo nauliza, ile shaba ilikuwa na sumu au ni jeraha tu? Naona swali ni hilihili.

Mzee wa Nyaraka: Ndugu yangu, Liyongo anastahili uzi wake. Yeye hana barua zenye tarehe za kulinganisha na masimulizi, hata karne aliyoishi inabishaniwa. Lakini umegusa jambo. Kuuawa na mtu wa nyumbani, kwa chombo cha ajabu, ndivyo hadithi inavyomwondoa mtu mkubwa. Sumu ya chura ya Swineshead ni ya kundi hilo. Waliokuwa hai mwaka 1216 hawaitaji. Inatokea vizazi baadaye, ikiwa tayari na mazungumzo mezani, mtawa anayekunywa kwanza ili mfalme asishuku, na sababu tukufu ya kuwaokoa maskini na bei ya mkate. Kadiri muda unavyopita ndivyo inavyozidi kujua mambo. Hiyo ni dalili mbaya.

Kitanda Namba 9: Nafanya kazi za kitabibu. Homa, tumbo, udhaifu, kifo. Mimi na huyo daktari tunakubaliana, taifodi kabisa.

Bi Tausi: Kwa siku ngapi? Ukianza Lynn, ni siku tisa au kumi hivi mpaka kifo. Taifodi isiyotibiwa kwa kawaida huua wiki ya tatu, utumbo unapotoboka au kutoka damu. Haiwezi kufutwa, maana huenda homa ilianza kabla na hakuna aliyeandika. Ila "kabisa" umeitoa wapi?

Kuhara damu kwa bakteria huanza siku moja mpaka tatu baada ya kuambukizwa. Kule kwa amiba huchukua wiki mbili au zaidi. Kama ni amiba, karamu ya Lynn haina kosa lolote. Na neno la Kilatini lililotumika, *dysenteria*, lilibeba yote hayo pamoja: tumbo lolote lililoharibika vibaya na kutoa damu. Hakuna aliyehesabu mara alizokwenda chooni.

Kitanda Namba 9: Nimekuelewa kuhusu siku. Basi wafungue kaburi wapime vinasaba, tumalize ubishi.

Bi Tausi: Kaburi la Worcester lilifunguliwa mwaka 1797, na mifupa ilikuwamo. Lakini fikiria kipimo kitapata nini. Vijidudu vya kale hupatikana hasa ndani ya meno, kwa kuwa damu ilivifikisha pale. Taifodi huingia kwenye damu, kwa hiyo ingeweza kuonekana. Bakteria wa kuhara damu hubaki zaidi utumboni, na matumbo ya John yalibaki Croxton. Wakikosa kitu kwenye meno, hawatakuwa wamethibitisha kuhara damu wala kukanusha taifodi, kwa sababu vinasaba huoza pia.

Darubini77: Nimejaribu hivi: "John aliugua tumbo kati ya Lynn na Swineshead, akafa Newark. Waandishi wa karibu wanataja kuhara damu na homa. Huenda yalikuwa maambukizi ya utumbo, aina yake haijulikani. Ulafi na huzuni ni tafsiri za waandishi. Sumu ni hadithi ya baadaye."

Mzee wa Nyaraka: Badilisha "waandishi wa karibu wanataja". Kuhara damu ni kwa Coggeshall, homa ni kwa Wendover. Ukiwaunganisha hivyo umetengeneza mgonjwa wa tatu ambaye hakuna aliyemwandika, na daktari wa mtandaoni atamchukua huyohuyo kumpima. Wape majina yao, kila mmoja na dalili yake.

Simba wa Pwani: Mimi bado naanza na Coggeshall.

Mzee wa Nyaraka: Hata mimi, kwa ugonjwa. Kwa chanzo cha ugonjwa, hapana.