Vidole vya baba vinakunjika kuelekea kiganjani: sindano au kisu?

Mtoto wa Seremala (Wete)

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nnaomba rai zenu juu ya mkono wa baba. Ana miaka 62, ni seremala wa milango tangu ujana wake, na kisukari anacho mwaka wa tisa sasa. Miaka minne nyuma alitokwa na kivimbe kigumu kiganjani, chini ya kidole cha pete cha mkono wa kulia, kama punje ya muhindi. Hakikumuuma, akadhani ni sugu ya randa. Baadaye kikarefuka kikawa kama ugwe uliopita chini ya ngozi, kutoka kiganjani mpaka kidoleni, na kidole kikaanza kuvutwa. Sasa kidole cha mwisho nacho kimefuata.

Yeye mwenyewe alitambua kwenye sala. Akisujudu, kiganja cha kushoto kinalala chini, cha kulia kinabaki kimeinuka kama kimefunika kikombe. Na akitawadha, ncha ya kidole inamwingia jichoni.

Daktari wa kwanza kasema ni ugonjwa wa Dupuytren, na kwamba ugwe unaweza kukatwa kwa sindano na mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wa pili kasema sindano itampotezea wakati, bora avuke Dar akapasuliwe. Juu ya hayo, jirani kaanza kunong'ona habari za ukoma, na mama halali. Tufuate lipi?

Machano M.

Sindano, wala msisite. Mie kidole changu cha kati kilikuwa kikikwama asubuhi, nikikilazimisha kinafunguka kwa mlio, tak! Nikapigwa sindano moja ya dawa pale kwenye shina la kidole, wiki mbili nyingi, kimekwisha. Mpaka leo natia chambo bila taabu.

Mama Dunga

Pole mwanangu, msalimie baba. Hizo ni kano zimekauka kwa kazi ya miaka mingi, nimeyaona kwa marehemu babu yangu. Mchue kila usiku kwa mafuta ya nazi ya moto, umnyooshe vidole kwa nguvu kidogo kidogo, alale amefungwa kijiti. Na kwa vile hauumi, hakuna haraka ya kisu. Subirini mpaka kidole kifunge kabisa, ndipo akatwe mara moja, yaishe.

Tabibu wa Viungo

Mtoto wa Seremala, nimefanya kazi na mikono iliyopasuliwa kwa miaka 17, nikiwanyoosha watu baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Niruhusu nianze na jirani, kwa sababu mama hawezi kukaa na hofu hiyo.

Ukoma kweli hukunja vidole hivi hivi viwili, cha pete na cha mwisho, lakini hufanya hivyo kwa kuharibu neva inayopita nyuma ya kiwiko. Kwa hiyo kidole kinakuwa na ganzi, nyama za katikati ya mifupa ya mkono zinanywea, na mwanzoni ukikinyoosha kwa mkono wako mwingine kinanyooka. Hakuna ugwe. Mfumbe baba macho, umguse ncha za vidole kwa pamba. Kama anahisi kila mguso, na kidole hakinyooki hata ukikivuta, na ugwe unashikika, basi hadithi ni nyingine. Akiwa hahisi, mpelekeni kituo cha afya wiki hii hii, dawa za ukoma hutolewa bure na mapema ndipo zinapookoa mkono.

Machano, chako kilikuwa kidole kinachokwama, na pale kano yenyewe ndiyo inayonasa kwenye njia yake. Sindano yako ilikuwa ya kutia dawa. Ya baba yake ni ncha inayotumika kama kisu kidogo: daktari anaichoma ngozini na kuukatakata ule ugwe kwa ndani mpaka uachie, kisha anakinyoosha kidole. Neno ni moja, kazi ni mbili.

Mama Dunga, shikamoo. Umesema kweli kwamba hauumi na kwamba mkono ukiwa bado unalala bapa mezani hakuna haja ya kukimbilia tiba. Lakini kano za mzee huyu ni nzima. Kilichoota ni ule utando ulio kati ya ngozi ya kiganja na kano, umenenepa na kujikaza. Mwambie akunje na kukunjua kidole hicho hicho huku umeweka kidole chako juu ya ugwe: kano ingeteleza chini yako, ugwe huu umetulia tu. Ndiyo maana kuchua hakuulegezi, na kuuvuta kwa nguvu kunamwumiza bure. Kuhusu kungoja mpaka kidole kifunge, hapo ndipo ninapokuomba radhi nipinge, na sababu yake ndiyo inayoamua swali zima.

Tazama kidole kimekunjika kwenye kifundo gani. Kikiwa kimekunjika pale kinapotokea kwenye kiganja, kwenye kifundo cha ngumi, hata ukichelewa mwaka au zaidi, ugwe ukikatwa kifundo kwa kawaida kinafunguka vizuri. Kifundo cha katikati ya kidole hakisamehe hivyo. Kikikaa kimekunjwa muda mrefu, kamba zake zenyewe zinafupika, na hata daktari aliyeutoa ugwe wote anakuta kidole bado kimepinda. Kawaida tunampeleka mtu kwa daktari wa mikono kifundo cha ngumi kinapofika kama nyuzi 30, ila cha katikati tunampeleka kikianza tu kukunjika.

Kwa hiyo kabla hujatupa jibu la Dar au la sindano, chukua kipimapembe cha skuli, ukiweke juu ya mgongo wa kidole, na utupe nyuzi za kila kifundo, kidole kikiwa kimenyooshwa kadiri kinavyokubali.

Bint Mkunazini (Maskati)

Mimi nilifanywa sindano huku Maskati, kidole cha pete, mkono wa kushoto. Nusu saa, ngozi ilichanika kidogo nikafungwa bendeji, siku ya tano napika. Raha niliyoipata siku ile nilipokisukuma kidole ndani ya glavu sikuisahau. Lakini niseme ukweli wote: mwaka wa tatu ugwe ulianza kurudi, na sasa kidole kimefika karibu pale kilipokuwa. Bado ningechagua sindano tena, kwa sababu ninamlea mama mgonjwa na siwezi kukaa na mkono mmoja wiki kadhaa.

Mwanangu kanisomea pia kuhusu dawa ya kimeng'enya inayochomwa ndani ya ugwe ikauyeyusha. Mbona hamuitaji?

Tabibu wa Viungo

Ipo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2010, lakini ni ghali na kampuni iliiondoa soko la Ulaya mwaka 2020. Sitaki mzee azunguke akiitafuta huku kifundo kinaganda.

Uliyoyapata wewe bibi ndiyo kawaida ya sindano. Kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2012, wagonjwa waligawanywa kwa kura, wengine sindano na wengine upasuaji wa kuutoa ugwe. Baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa umerudi kwa watu kama 85 katika kila 100 wa sindano, na kama 21 katika kila 100 wa kisu. Kisu nacho kina bei yake: nyuzi za kushonea kidonda zinatolewa baada ya siku 10 mpaka 14, mkono unavimba, mazoezi ni ya kila siku, na fundi hashiki nyundo kwa nguvu mpaka wiki sita na zaidi.

Mtoto wa Seremala (Wete)

Nimempima baada ya Alasiri, mara mbili. Pamba anaihisi kila mahali, mama kalia kwa furaha. Kidole cha pete: kifundo cha ngumi nyuzi 45, cha katikati kimenyooka. Kidole cha mwisho: kifundo cha ngumi 40, cha katikati 55. Ugwe wa kidole cha pete unaonekana wazi ukikivuta, umesimama kama uzi wa mshipi. Wa kidole cha mwisho unapotelea ubavuni, siuoni unakoishia.

Tabibu wa Viungo

Basi madaktari wenu wawili huenda kila mmoja alikuwa anatazama kidole chake.

Kidole cha pete ndicho hasa kazi ya sindano: ugwe mmoja, umenyooka, unaonekana, umekunja kifundo cha ngumi peke yake. Ukikatwa kiganjani, nnatarajia kinyooke chote au karibu chote. Ukirudi baada ya miaka, unaweza kukatwa tena.

Cha mwisho ndicho kinachonitia wasiwasi. Nyuzi 55 kwenye kifundo cha katikati ni nyingi, na huo ugwe unaopotelea ubavuni nnaujua. Mara nyingine huzunguka neva ya kidole kama mtambaa unavyozunguka mti, kisha unapojikaza unaivuta neva kutoka pembeni kuja katikati na juu, chini kidogo tu ya ngozi. Daktari mwenye sindano haioni. Daktari mwenye kisu anafungua, anaitafuta neva kwanza, anaifuata mpaka mwisho, ndipo anaondoa ugwe. Hicho ningekipeleka kwenye kisu, na sukari yake iwe imetulia kabla, maana kidonda cha kiganja kwa mwenye kisukari hakitaki mchezo. Na mwambieni mzee mapema: hata mkono mwema hauwezi kumuahidi kidole kilichonyooka kabisa. Akitoka 55 akabaki na 20 au 25, kazi imefanywa vizuri.

Salum wa Ilala

Kwa nini avuke bahari mara mbili? Akipasuliwa Dar, wafungue vidole vyote viwili siku hiyo hiyo. Nauli moja, kidonda kimoja, na kile cha pete hakimrudii haraka.

Tabibu wa Viungo

Ni hoja nzito, na wapo madaktari watakaoikubali. Upande wa pili ni kwamba kidonda kinakuwa kikubwa zaidi kwa mtu wa miaka 62 mwenye kisukari, kwa kidole ambacho sindano ingekitosha. Hilo siwezi kuliamua kutoka hapa. Aulizwe daktari atakayemshika mkono.

Mama Dunga

Nimeelewa, nimeacha mafuta. Na kijiti cha usiku, baada ya kukatwa?

Tabibu wa Viungo

Zamani tulimfunga kila mtu banzi la usiku kwa miezi. Utafiti uliofanywa baadaye haukuona faida ya kumfunga kila mmoja, hivyo mimi humfunga yule tu ambaye kidole kinaanza kurudi ndani wiki za mwanzo. Wenzangu wengine bado wanafunga wote.

Mtoto wa Seremala (Wete)

Nimemsomea baba yote. Kasema cha pete kikatwe kwa sindano kabla ya msimu wa karafuu, apate kushika patasi. Cha mwisho atakwenda kukionesha Dar, lakini kasema akiambiwa hakitanyooka vya kutosha, bora wakiache. Mimi sikubaliani naye, tunazungumza.

Bint Mkunazini (Maskati)

Mwambie jambo moja kabla hajalala kitandani. Ganzi wanayomtia ni ya ngozi tu, kwa makusudi, ili neva ibaki macho. Sindano ikiikaribia atahisi kama shoti ya umeme inapita mpaka ncha ya kidole. Mimi nilinyamaza ya kwanza nikidhani ni kustahamili. Asinyamaze. Aseme pale pale, daktari atoe sindano aingie mahali pengine.