Mashine ya ukodishaji wa kifedha: jedwali langu la riba limegoma kufika sifuri

KaraniWaLeja:
Wakuu, naombeni msaada, nakaribia kufunga hesabu. Tumenunua mashine kwa 273,554 na tarehe 1 Aprili tukaikabidhi kwa mteja kwa miaka mitatu, kisha inakuwa yake. Analipa 100,000 mara tatu, kila tarehe 1 Aprili, na la kwanza alilipa siku ya makabidhiano. Riba iliyomo ni 10%. Nimepiga riba ya mwaka wa kwanza 27,355, wa pili 20,091, wa tatu 12,100, nikitoa 100,000 kila mwaka. Mwisho linabaki salio la 33,100 lisilo na mwenyewe. Nakosea wapi?

Mzee wa Urari:
Mdogo wangu, unajisumbua. Jumla ya malipo ni 300,000, mashine 273,554, kwa hiyo riba yote ni 26,446. Gawa kwa miaka mitatu, weka 8,815 kila mwaka. Mwisho jumla ni ileile.

DadaHesabu:
Mzee wangu, shikamoo. Jumla ya 26,446 umeipata sawasawa, ila kugawa sawa kwa sawa hakukubaliki. IFRS 16 inataka riba itoe kiwango kilekile cha faida juu ya fedha ambazo bado ziko mikononi mwa mteja. Deni likiwa kubwa riba ni kubwa, likipungua nayo inapungua.

Karani, kosa lako liko kwenye siku ya kwanza. Umetoza riba juu ya 273,554 nzima, wakati 100,000 zilirudi siku hiyohiyo. Mteja hajakaa na fedha hizo hata siku moja. Anza hivi tarehe 1 Aprili:

Debiti Wadaiwa wa Ukodishaji 273,554, Krediti Mashine 273,554.
Debiti Benki 100,000, Krediti Wadaiwa wa Ukodishaji 100,000.

Salio ni 173,554. Riba ya miezi kumi na miwili ya mwanzo ni 17,355, deni linafika 190,909. Akilipa linabaki 90,909, riba yake 9,091, linakuwa 100,000 kamili, naye analipa 100,000. Sifuri. Angalia kwamba mwaka wa tatu hauna riba kabisa, kwa sababu deni limeisha mwanzoni mwake. Ukimwandikia 8,815 mwaka huo, unatoza riba mtu asiyedaiwa.

Fundi Mitambo:
Mimi nimekodi mashine kama hiyo, na mhasibu wangu anaikatia uchakavu kila mwezi. Kwa hiyo Karani naye akate uchakavu, au sivyo?

DadaHesabu:
Kaka, wewe ndiye unayeitumia, mhasibu wako yuko sahihi. Karani yuko upande wa pili: kwake mashine imekwisha kutoka, amebaki na deni. Karani, hebu fungua rejista ya mali. Mashine ikiwa bado imo, programu itaendelea kuikatia uchakavu kimyakimya, na faida yenu itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

KaraniWaLeja:
Dada, ubarikiwe. Nimefungua, kweli ilikuwa bado imo na miezi mitano ya uchakavu imeshaingia. Nafuta. Sasa, mwaka wetu unafungwa 31 Desemba. Niweke 17,355 yote?

DadaHesabu:
Hapana, ni miezi tisa tu imepita. Debiti Wadaiwa wa Ukodishaji 13,016, Krediti Mapato ya Riba 13,016. Zile 4,339 zitaingia Januari hadi Machi. Mwaka wako wa pili wa hesabu utakuwa 4,339 na 6,818, jumla 11,157, na wa tatu 2,273. Jumlisha yote, unarudi kwenye 26,446 ya Mzee.

KaraniWaLeja:
Kuna 4,000 tulizomlipa wakili kuandaa mkataba huu. Nimeziweka kwenye gharama za ofisi.

DadaHesabu:
Hizo hamngezilipa bila mkataba huu, na ninyi si watengenezaji wala wauzaji wa mashine, basi zinaingia kwenye deni: 277,554. Malipo hayabadiliki, kwa hiyo kiwango ndicho kinachoshuka. Andika hivi kwenye lahajedwali:

```
=RATE(3,-100000,277554,0,1)
```

Utapata karibu 8.32%. Ile 1 ya mwisho ndiyo inayosema malipo yako mwanzoni mwa kipindi. Ukiisahau unarudi kwenye kosa la kwanza. Jedwali zima, pamoja na ile 13,016, lirudiwe kwa kiwango hicho.

Mzee wa Urari:
Kwenye riba gawa-sawa nimekubali. Lakini kurudia jedwali zima kwa ajili ya 4,000? Ni kiasi kidogo, kibaki kwenye gharama.

DadaHesabu:
Mzee wangu, kwa mkataba mmoja huenda. Lakini kama wana mikataba hamsini na wakili ni yuleyule? Karani, mnayo mingapi?

KaraniWaLeja:
Kumi na mmoja, na kila mmoja una ada yake. Nazikusanya kesho niongee na mkaguzi, nitarudi na jibu lake.