Stoo ya sentimita 240 kwa 130: choo na shawa vitaenea?

BintiKisauni: Asalaam aleykum. Tuna stoo hapa Kisauni, ndani ni sentimita 240 kwa 130, bado haijapigwa plasta. Ukuta mrefu wa kaskazini ndio wa korido, milango itatokea hapo. Mamangu magoti yanamsumbua, kwa hiyo nataka choo cha kukaa, na shawa kando. Fundi asema kila kimoja upana 75 yatosha. Ni kweli?

Kombo_Likoni: Yatosha. Changu ni futi mbili na nusu, mwaka wa kumi sasa.

MzeeTimazi: Bwana Kombo, chako umepima kigae kwa kigae. Huyu anapima bloku kwa bloku. Plasta, gundi na kigae hula kama sentimita 2.5 kila upande, kwa hiyo 75 ya fundi itabaki 70. Kutoka katikati ya bakuli hadi ukutani kusipungue 38 kila upande, na hapo viwiko vishabanwa. Kwa mama, weka 90. Shawa nayo 90 kwa 90; kwenye 70 ukiinama kuokota sabuni, utagonga ukuta.

Sasa hesabu: 240 itabaki 235. Ukuta wa kati wa bloku ya inchi nne, na vigae pande zote, ni kama 15. Zabaki 220, na kina 125. Choo 90, shawa 130. Bakuli na tangi lake hutoka ukutani kama 68, mbele ya magoti zabaki 57. Mlango lazima ufunguke nje.

PwaniTupu: Maji ya kisima yana chumvi? Bomba zangu zimeoza zote.

UmmuSalma: Maji hajauliza, kaka. Mzee, bakuli likiegemea ukuta wa nyuma, mkaaji anatazama kaskazini. Kwa Mombasa huko ndiko kibla!

MzeeTimazi: Ahsante mama, hilo lilinipita. Basi liegemee ukuta wa magharibi, litazame mashariki. Choo kitataka 68 na 57, yaani 125 kwa urefu wa chumba. Shawa yapata 95 kwa 125, bado nzuri. Choo kimepata upana wa 125, kwa hiyo katikati ya bakuli iwe 45 kutoka ukuta wa nyuma, na sinki ndogo ikae pembeni karibu na korido. Ila angalia kwanza shimo liko upande gani, bomba la inchi nne halipendi kona nyingi.

BintiKisauni: Shimo liko magharibi, alhamdulillahi. Nimechora kwa chaki, nikamkalisha mama kwenye kiti cha plastiki. Kainuka bila kugusa mstari. Lakini korido ni 90 tu; mlango wa 70 ukifunguka nje, hapiti mtu.

Kombo_Likoni: Weka wa kuteleza.

MzeeTimazi: Huo wataka 70 nyingine ya ukuta wa kutelezea, na shawa pia ina mlango wake hapo hapo. Nitumie picha ya korido.