Tupeane uzoefu: ada imelipwa, lakini kwenye akaunti ya mwanafunzi haionekani

Mama wa Masasi

Habari za leo ndugu zangu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu ada ambayo mzazi ameilipa lakini shule haioni kitu. Nitaanza na yangu.

Mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni ya binafsi, mkoani Lindi. Tarehe 9 Januari, baada ya malipo ya korosho kuingia kwenye akaunti ya baba yake, shemeji yangu alikwenda kwa wakala wa benki hapa Masasi jioni, akatoa shilingi 500,000 na palepale akaweka 450,000 kwenye akaunti ya shule. Wiki mbili baadaye mtoto alinipigia kwa simu ya matroni akiniambia kwamba jina lake limesomwa mstarini miongoni mwa wanaodaiwa awamu yote ya kwanza.

Nilimpigia mhasibu wa shule nikamsomea namba iliyoko juu ya risiti. Akatafuta, akasema haipo. Siku ya pili nikapiga tena, nikamsomea namba ileile, jibu likawa lilelile, na nikaanza kumshuku wakala bila sababu. Usiku ndipo nilipoziweka mezani karatasi mbili alizoniletea shemeji, ile ya kutoa fedha na ile ya kuweka, nikazisoma mstari kwa mstari. Namba niliyokuwa nikiisoma, iliyoandikwa TID, ilikuwa sawa kwenye karatasi zote mbili. Maana yake ni namba ya mashine ya wakala, na kila mteja aliyepita pale siku ile anayo. Chini kidogo palikuwa na namba nyingine ndefu yenye tarakimu 12, nayo ilikuwa tofauti kwenye kila karatasi. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya muamala. Asubuhi niliisoma hiyo, na fedha zikaonekana kabla sijakata simu.

Zilionekana, lakini mambo hayakuishia hapo, nitaeleza. Nani mwingine limemkuta?

Mwalimu mstaafu, Newala

Pole sana mama. Mimi naona tunajitesa na makaratasi. Mimi hulipa ada ya mjukuu kwa simu, na ujumbe ukishaingia kwamba malipo yamekamilika, huo ni ushahidi tosha, shule haina la kusema.

Mhasibu wa shule, Mtwara Mjini

Shikamoo mwalimu. Naomba nikubaliane nawe nusu. Ujumbe wa simu unathibitisha kwamba fedha zimetoka kwako. Hauthibitishi kwamba zimeingizwa kwenye leja ya mjukuu wako, kwa sababu ni kazi mbili zinazofanywa na watu tofauti. Mimi asubuhi nachukua taarifa ya benki, ambayo kila mstari wake una tarehe, kiasi, kumbukumbu na maelezo mafupi, kisha naamua kila mstari ni wa mwanafunzi gani. Maelezo yakiwa na namba ya usajili ya mwanafunzi, naingiza mara moja. Yakiwa na jina la shemeji peke yake, kama kwa huyu mama, naweka kwenye orodha ya fedha zisizojulikana mwenyewe na kusubiri mtu apige simu. Mwezi Januari orodha hiyo hujaa kurasa kadhaa, na sehemu kubwa yake ni 450,000 au 500,000, kwa kuwa wazazi wote wanalipa awamu ileile. Kiasi peke yake hakinisaidii kitu.

Jambo la pili ni tarehe. Muamala wa jioni kwa wakala unaweza kuonekana kwenye taarifa ya benki kwa tarehe ya siku inayofuata. Mhasibu akitafuta tarehe 9 tu, anaweza kukujibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba haupo. Mwombe atazame na siku inayofuata.

Mwalimu, ujumbe wako utunze, ila fahamu kwamba malipo ya kutoka kwenye simu kwenda benki huweza kuwa na kumbukumbu mbili, ya mtandao wa simu na ya benki. Nitumie ujumbe mzima, usinichagulie namba.

Baba Mwanaisha, Kilwa Masoko

Mimi pia nimepatwa. Binti yangu yuko chuo kikuu na mkopo wake wa bodi haujaingia mpaka leo, chuo kinamdai. Nitumie risiti gani?

Mhasibu wa shule, Mtwara Mjini

Baba Mwanaisha, hilo ni suala tofauti, kwa sababu hapo hujalipa wewe na huna risiti ya kulinganisha. Binti aanzie kwa ofisa mikopo wa chuo chake, aulize kama jina lake limo kwenye malipo ya awamu hii na kama ametia saini.

Mwanachuo, Lindi

Yangu ilitokea kwenye chuo cha serikali, tunakolipa kwa kontroo namba. Nilikuwa na namba mbili kwenye simu, ya mwaka uliopita iliyobakia na deni dogo, na ya mwaka huu. Nililipa 300,000 kwa ile ya zamani. Malipo yalipokelewa na stakabadhi ikatoka, lakini fedha zilikwenda kwenye ankara ya zamani, na kwenye ada ya mwaka huu nikasomeka sifuri. Niliandika barua ya kuomba zihamishwe, nikaambatisha stakabadhi na kuandika namba zote mbili za malipo. Ni wiki ya tano sasa, na mitihani inakaribia.

Wakala, Nachingwea

Ndugu zangu, naomba niongee upande wetu. Karatasi ya mashine huandikwa kwa joto, si kwa wino. Ukiiacha kwenye dirisha au kwenye mfuko wa shati kwa jua letu hili, baada ya miezi michache inabaki nyeupe. Ipigeni picha siku hiyohiyo, namba zote zionekane. Na kabla sijabonyeza kitufe cha mwisho, mteja aniambie niandike nini kwenye maelezo. Wengi wanasema "andika ada" basi, na mimi naandika "ada".

Mama wa Masasi

Ahsante sana, kaka wakala. Shemeji naye anakiri kwamba ndivyo alivyosema.

Sasa sehemu iliyobaki. Fedha zangu hazikuwa kwenye ile orodha ya zisizojulikana. Zilikuwa zimeingizwa kwa mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye baba yake ana jina moja na shemeji yangu. Mhasibu alilinganisha kumbukumbu, akaona mzazi yule hana risiti yenye namba ile, akaniomba nakala ya risiti na barua fupi. Mzazi yule amekasirika, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa kwamba hadaiwi.

Mhasibu wa shule, Mtwara Mjini

Hapo shule haimdai mzazi yule arudishe chochote, kwa kuwa fedha ziko kwenye akaunti ya shule muda wote. Mhasibu anaziondoa kwenye leja ya yule na kuziingiza kwa mwanao, na tarehe ya malipo ibaki 9 Januari ili mtoto asihesabiwe kuwa amechelewa. Omba taarifa ya leja iliyochapishwa, yenye mhuri, uione tarehe hiyo kwa macho yako.

Mama wa Masasi

Nimeipokea leo. Kiasi ni sahihi, 450,000, lakini tarehe iliyoandikwa ni ya siku waliyorekebisha, na chini yake wameongeza faini ya kuchelewa ya 20,000. Kesho asubuhi napanda basi kwenda Lindi na risiti yangu.

Mwanachuo, Lindi

Mama, ukifika naomba utuambie kama faini wameifuta. Na mimi wameanza kuniandikia.