Ushauri: noti za kila lekcha kwenye kiolezo kimoja, somo la hesabu linanigomea

Binti wa Kirumba: Habarini za humu wakuu. Nasoma mambo ya uvuvi hapa Mwanza. Muhula huu nimeamua kila lekcha niifupishe kwenye ukurasa mmoja wenye vichwa vinne: lengo, hoja kuu, mifano, maswali yaliyobaki. Lekcha ya sangara na kupotea kwa furu ilikaa vizuri kabisa. Ile ya kukadiria idadi ya samaki kwa kuweka alama na kuvua tena imenishinda. Kwenye lengo nimeandika "kujifunza kukadiria idadi", kwenye hoja nimenakili slaidi, na maswali nimeacha wazi maana sikuona la kuuliza. Niache kiolezo kwa masomo ya hesabu?

Nyegezi Stendi: Kosa ni kujaza nyumbani. Chora vyumba vinne kabla mhadhiri hajaingia, ujaze akiwa anaongea. Ukifika geto umeshachoka, na umeme nao haueleweki.

Mwl. Sengerema: Sisi walimu tunalo hilo kwenye andalio la somo: umahiri, shughuli za mwalimu, shughuli za wanafunzi, tathmini. Mkaguzi akikuta tathmini iko wazi utaeleza. Mdogo wangu, omba nakala shule yoyote ya jirani.

Binti wa Kirumba: Asante mwalimu, ila mimi sifundishi, nafupisha nilichofundishwa.

Sato Mzee: Usikiache. Nimesahihisha mitihani ya somo hilo miaka mingi, na shida ninaiona kwenye hilo lengo lako. "Kujifunza kukadiria" ni kichwa cha slaidi. Andika lengo kama swali ambalo lekcha ilikuwa inalijibu: nitajuaje bwawa lina samaki wangapi bila kulikausha? Hapo hoja zinajichuja zenyewe, kwa sababu kisichosaidia kujibu swali hilo hakiingii.

Nyegezi yuko sahihi kwamba usichelewe. Lakini lengo halionekani mpaka lekcha iishe, kwa hiyo darasani andika ovyo ovyo tu. Jioni ile ile funika daftari, jaza kiolezo kwa kichwa, kisha ufungue uone ulichosahau.

Sasa mfano. Usiandike fomula pekee, fanya hesabu moja hadi mwisho. Umevua sato 200 bwawani, ukawawekea alama na kuwarudisha. Baada ya siku chache umevua 150, kumi kati yao wana alama. Idadi ni 200 × 150 ÷ 10, yaani 3,000. Hoja iliyobeba hesabu hiyo ni moja: tunaamini sehemu ya wenye alama kwenye wavu inalingana na sehemu yao bwawani kote.

Baada ya hapo uharibu mfano wako kwa makusudi. Tuseme nusu ya alama zimedondoka majini, kwenye wavu utaona tano badala ya kumi. Jibu linaruka hadi 6,000 na bwawa halijaongezeka hata samaki mmoja. Kwa hiyo chumba cha maswali hakikupaswa kuwa wazi: nitagunduaje kwamba alama zinadondoka?

Igombe Mwaloni: Na wakifa je? Si hesabu yote inaharibika?

Sato Mzee: Si lazima. Wenye alama na wasio nazo wakifa kwa kiwango kile kile, uwiano unabaki, na unapata idadi ya siku ile ulipoweka alama. Balaa ni wenye alama kufa zaidi kwa sababu ya kushikwashikwa.

Binti wa Kirumba: Kumbe! Basi nimeandika swali lingine: njia hii ikipelekwa Ghuba la Mwanza, ambako samaki wanaingia na kutoka, ile 3,000 itakuwa idadi ya nini hasa?

Sato Mzee: Hilo ndilo swali. Mbele yake andika utamuuliza nani au utalitafuta kwenye lekcha ipi, la sivyo litakaa hapo mpaka mtihani.

Nyegezi Stendi: Mkuu, mbona hesabu hiyo ya samaki ni mteremko? Sisi tulipewa kuthibitisha fomula, mistari kama thelathini hivi. Mfano wa kuharibu uko wapi hapo? Mimi ningeweka uthibitisho wote kwenye hoja.

Sato Mzee: Weka mstari ule tu unaobadilisha mwelekeo, na sababu yake. Iliyobaki ifanye upya kwenye karatasi nyingine.

Nyegezi Stendi: Kwenye mtihani wanataka mistari yote thelathini, mzee. Hapo bado hujanishawishi.

Binti wa Kirumba: Na lekcha ya saa mbili yenye mada mbili, ni ukurasa mmoja au miwili?

Igombe Mwaloni: Miwili. Mada mbili zina malengo mawili. Mimi nilizibana pamoja, nikashindwa kujua mfano upi ni wa hoja ipi.